Kwa Nini Ghala Linaloagiza kwa Wakati Huishiwa: Kupima Kiwango cha Kuagiza kwa Uigaji wa Mahitaji Nasibu katika Lahajedwali

Ikisiri

Maghala mengi ya dawa na vifaa tiba huongozwa na kanuni moja: akiba ikishuka hadi kiwango fulani, agiza kiasi fulani. Kiwango hicho hukokotolewa kwa fomula inayochanganya wastani wa mahitaji na akiba ya tahadhari. Makala hii inaeleza jinsi lahajedwali la kawaida linavyoweza kuijaribu kanuni hiyo kwa wiki nyingi za mahitaji nasibu kabla haijatumika ghalani. Kwa kutumia ghala la mfano la vipimo vya haraka vya malaria, inaonyeshwa kwamba kiwango kilichokokotolewa ili kulinda mizunguko 95 katika 100 kinaweza kulinda 79 tu, pasipo mtunza ghala kukosea lolote. Chanzo cha tofauti hiyo kinafafanuliwa, marekebisho yanapendekezwa, na mipaka ya mbinu inabainishwa.

1.0 Utangulizi

Nchini Uganda, vituo vya afya vya serikali hupelekewa bidhaa na bohari ya taifa kwa ratiba maalumu. Hospitali zisizo za serikali na zisizolenga faida zina hali tofauti: nyingi huagiza zenyewe, na kwa hiyo hulazimika kuamua lini ziagize na kiasi gani. Uamuzi huo ukiwa mbaya, matokeo yake huonekana dirishani pa maabara. Mgonjwa mwenye homa hukosa kipimo, na mganga hubaki na njia mbili: kutibu kwa kukisia au kumpeleka mgonjwa kwingine.

Ghala linapoishiwa mara kwa mara, lawama huelekezwa kwanza kwa mtunza ghala, kwamba alichelewa kuagiza, au kwa msambazaji, kwamba alichelewa kuleta. Sehemu zinazofuata zinaonyesha kwamba ghala linaweza kuishiwa mara nyingi hata pale ambapo mtunza ghala ameagiza siku ileile kanuni ilipomtaka na shehena imefika siku ileile iliyoahidiwa. Hapo kasoro imo ndani ya kanuni yenyewe, na njia nyepesi ya kuigundua ni kuiendesha kanuni hiyo kwa majaribio.

2.0 Ghala la mfano

Ghala linalojadiliwa hapa limebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi. Linatoa vipimo vya haraka vya malaria katika makasha, kila kasha likiwa na vipimo 25. Mahitaji ya wiki hayatabiriki, ila uwezekano wake unajulikana kama ifuatavyo:

| Makasha kwa wiki | Uwezekano | Mwanzo wa jumla ya uwezekano |
|---|---|---|
| 20 | 0.10 | 0.00 |
| 30 | 0.20 | 0.10 |
| 40 | 0.30 | 0.30 |
| 50 | 0.20 | 0.60 |
| 60 | 0.15 | 0.80 |
| 80 | 0.05 | 0.95 |

Wastani wa jedwali hili ni makasha 43 kwa wiki, na mkengeuko sanifu ni takriban makasha 14.5. Akiba huhesabiwa mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni. Agizo likitolewa jioni hiyo, wiki mbili kamili hupita, na shehena hupokewa mwanzoni mwa wiki ya tatu. Kila agizo ni makasha 200. Anayekosa kipimo hasubiri: huenda kwingine, na hitaji lake hupotea.

Fomula ya vitabuni hufanya kazi hivi. Mahitaji ya wiki mbili za kungoja ni makasha 86 kwa wastani, na mkengeuko sanifu wake ni 14.5 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani 20.5. Ili kulinda mizunguko 95 katika 100, akiba ya tahadhari huwa 1.645 mara 20.5, ambayo ni karibu makasha 34. Kiwango cha kuagiza kinakuwa 120. Hesabu hii inaelekea kuwa na nguvu: ukiangalia jedwali la uwezekano peke yake, nafasi ya wiki mbili kudai zaidi ya makasha 120 haifiki 4 katika 100.

3.0 Kulijenga lahajedwali

Kila mstari wa lahajedwali ni wiki moja. Wiki ya kwanza iko katika mstari wa 2, kwa hiyo mstari wa 8 ni wiki ya saba. Safuwima A ina namba ya wiki, B akiba ya mwanzo, C shehena iliyopokewa, D mahitaji, E kilichotolewa, F upungufu, G akiba ya mwisho, H maagizo yaliyo njiani, I jumla ya akiba iliyopo na iliyo njiani, na J agizo jipya. Jedwali la uwezekano limewekwa L2:M7, mwanzo wa jumla ya uwezekano ukiwa L na makasha yakiwa M. Kiwango cha kuagiza kimo katika seli P1, na ukubwa wa agizo katika P2. Fomula za mstari wa 8 ni hizi:

```
B8: =G7
C8: =J5
D8: =VLOOKUP(RAND(),$L$2:$M$7,2,TRUE)
E8: =MIN(B8+C8,D8)
F8: =D8-E8
G8: =B8+C8-E8
H8: =J6+J7
I8: =G8+H8
J8: =IF(I8<=$P$1,$P$2,0)
```

Fomula ya D8 ndiyo inayozalisha unasibu. `RAND()` hutoa namba kati ya 0 na 1, na `VLOOKUP` hutafuta namba hiyo imeangukia daraja lipi. Namba 0.42, kwa mfano, iko kati ya 0.30 na 0.60, hivyo mahitaji ya wiki hiyo ni makasha 40. Kwa wiki tatu za kwanza, safuwima C hujazwa sifuri na B2 huwekwa 200. Katika mistari ya 2 na 3, fomula ya H hujumlisha maagizo yaliyomo katika mistari ya wiki zilizotangulia tu.

Safuwima I inahitaji uangalifu wa pekee. Mjenzi asiye mwangalifu hulinganisha kiwango cha kuagiza na akiba iliyo rafuni, yaani G, badala ya I. Kwa kuwa shehena ya kwanza haijafika, rafu huendelea kupungua, na lahajedwali huagiza tena wiki ya pili na ya tatu. Makasha 600 huingia badala ya 200, wastani wa akiba huongezeka mno, na upungufu huonekana kuwa nadra kwa sababu isiyo ya kweli. Dalili yake ni rahisi kuiona: safuwima J huwa na maagizo matatu yaliyofuatana. Katika ghala la mfano, agizo lililo sahihi husimama peke yake na hufuatwa na sifuri mbili au zaidi.

4.0 Wiki tano zinazoeleza tatizo

Kabla ya kuangalia wiki mamia, inafaa kufuatilia wiki tano. Tuseme namba nasibu zilizotoka ni 0.42, 0.87, 0.71, 0.83 na 0.15.

| Wiki | Mwanzo | Shehena | Mahitaji | Kilichotolewa | Upungufu | Mwisho | Agizo |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 200 | 0 | 40 | 40 | 0 | 160 | 0 |
| 2 | 160 | 0 | 60 | 60 | 0 | 100 | 200 |
| 3 | 100 | 0 | 50 | 50 | 0 | 50 | 0 |
| 4 | 50 | 0 | 60 | 50 | 10 | 0 | 0 |
| 5 | 0 | 200 | 30 | 30 | 0 | 170 | 0 |

Katika wiki mbili za kungoja, yaani wiki ya 3 na ya 4, mahitaji yalikuwa makasha 110. Kiwango cha kuagiza ni 120. Kwa mantiki ya fomula, makasha 10 yalipaswa kubaki. Badala yake, makasha 10 yalikosekana, ambayo ni sawa na vipimo 250.

Jibu limo katika mstari wa wiki ya 2. Agizo halikutolewa akiba ilipokuwa 120, bali ilipokuwa 100. Ijumaa iliyotangulia akiba ilikuwa 160, juu ya kiwango, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuagiza. Katikati ya wiki akiba ilivuka 120 ikishuka, lakini hakuna aliyehesabu siku hiyo. Ijumaa ilipofika, makasha 20 ya tahadhari yalikwisha kutumika kabla agizo halijaandikwa.

Fomula ya vitabuni inachukulia kwamba akiba hutazamwa kila kasha linapotoka, na kwamba agizo hutolewa papo hapo kiwango kinapoguswa. Ghala linalohesabu mara moja kwa wiki halifanyi hivyo. Tofauti kati ya kiwango cha kuagiza na akiba halisi wakati wa kuagiza inaweza kuitwa pengo la ukaguzi. Ukubwa wake wa wastani hautegemei bahati. Kwa jedwali la mahitaji lililotumika hapa, pengo hilo ni takriban makasha 19. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya akiba ya tahadhari ya makasha 34 huliwa na kalenda ya ukaguzi, kabla wiki mbili za kungoja hazijaanza.

Lahajedwali linaweza kulipima pengo hilo moja kwa moja. Fomula `=AVERAGEIF(J10:J61,">0",I10:I61)` hutoa wastani wa akiba katika wiki ambazo agizo lilitolewa. Fomula ya vitabuni ingekuwa sahihi, jibu lingekuwa 120. Likirudiwa mara nyingi, jibu huzunguka 101.

5.0 Kutoka mwaka mmoja hadi miaka mingi

Uigaji huendeshwa kwa wiki 60, na wiki 8 za mwanzo huachwa nje ya hesabu ili akiba ya kuanzia isiathiri matokeo. Wiki 52 zilizobaki, mistari ya 10 hadi 61, hupimwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni sehemu ya mizunguko iliyoishia kwa upungufu:

```
=COUNTIFS(C10:C61,">0",F9:F60,">0")/COUNTIF(C10:C61,">0")
```

Fomula hii huangalia kila wiki ambayo shehena ilifika, kisha huuliza kama wiki iliyotangulia ilikuwa na upungufu. Kipimo cha pili ni sehemu ya mahitaji iliyotimizwa, `=SUM(E10:E61)/SUM(D10:D61)`.

Mwaka mmoja wa kuigwa hautoshi. Ndani ya wiki 52 kuna mizunguko 11 hivi tu, na hata kanuni mbovu inaweza kubahatika. Kwa kiwango cha 120, uwezekano wa kila mzunguko kuishia kwa upungufu ni karibu 0.21. Uwezekano wa mizunguko 11 yote kupita salama ni kama 0.07. Kati ya watafiti 100 watakaobonyeza F9 mara moja na kusoma jibu, 7 hivi wataona mwaka usio na upungufu hata kidogo na wataisifu kanuni.

Dawa yake ni kurudia. Katika Excel, chombo kiitwacho `Data Table`, kilicho chini ya `What-If Analysis`, huweza kuendesha mwaka uleule mara 500. Namba 1 hadi 500 huandikwa katika safuwima moja, seli iliyo juu ya safuwima ya pili huelekezwa kwenye kipimo kinachotafutwa, na katika nafasi ya `Column input cell` huchaguliwa seli yoyote tupu. Kila mstari hulazimisha `RAND()` kuzalisha mwaka mpya. Miaka 500 ina mizunguko 5,500 hivi, na kosa la makadirio hupungua hadi karibu asilimia 1 juu au chini.

Matokeo kwa viwango vinne vya kuagiza ni kama ifuatavyo:

| Kiwango cha kuagiza | Mizunguko yenye upungufu (takriban) |
|---|---|
| 120 | 21 katika 100 |
| 130 | 13 katika 100 |
| 140 | 7 katika 100 |
| 150 | chini ya 4 katika 100 |

Lengo la fomula, yaani upungufu usiozidi mizunguko 5 katika 100, linafikiwa kwa kiwango cha 150, si 120. Gharama yake ni akiba ya ziada ya makasha 30 hivi kwa wastani, ambayo ni chini ya mahitaji ya wiki moja. Kuna njia nyingine inayogharimu kazi badala ya akiba: kuhesabu mara mbili kwa wiki, ili pengo la ukaguzi lipungue. Chaguo kati ya njia hizo mbili hutegemea kilicho haba zaidi, nafasi na fedha au muda wa mtunza ghala.

Viwango viwili vinapolinganishwa, inafaa vijaribiwe kwa namba nasibu zilezile. Namba hizo hunakiliwa na kubandikwa kama thamani tupu, na D8 husoma namba iliyobandikwa badala ya kuita `RAND()`. Hivyo tofauti inayoonekana hutokana na kiwango, wala si kwa kuwa mmoja alipewa mwaka mwepesi na mwingine mwaka mgumu.

6.0 Asilimia 98 inayoficha

Kipimo cha pili kinatoa sura nyingine kabisa. Kwa kiwango cha 120, sehemu ya mahitaji inayotimizwa ni karibu asilimia 98. Mkuu wa hospitali anayesoma takwimu hii peke yake ataridhika, huku anayesoma ile ya mizunguko akishtuka. Takwimu zote mbili ni za kweli na zimetoka katika lahajedwali moja.

Tofauti hiyo hutokea kwa sababu upungufu ni mdogo ukigawanywa kwa mwaka mzima, lakini hukusanyika katika siku chache kabla ya shehena kufika. Kwa wastani wa mizunguko yote, makasha 4.8 hukosekana kwa kila mzunguko. Kwa mwaka hilo ni kama makasha 52, au vipimo 1,300. Mikataba ya ugavi na ripoti za ufanisi hutaja mara nyingi “kiwango cha huduma cha asilimia 95” bila kueleza ni cha mizunguko au cha mahitaji. Katika ghala hili, kiwango cha kuagiza cha 120 kinavuka asilimia 95 kwa tafsiri moja na kushindwa vibaya kwa tafsiri nyingine. Mshauri wa sera anapaswa kudai tafsiri hiyo iandikwe kabla ya kiwango chochote kukubaliwa.

7.0 Mipaka ya uigaji huu

Mpaka wa kwanza unahusu wiki kutotegemeana. `RAND()` haikumbuki wiki iliyopita. Wiki ya makasha 80 inaweza kufuatwa na ya makasha 20. Malaria haiendi hivyo. Maambukizi hupanda baada ya mvua na kubaki juu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo wiki nzito hufuatana. Uhusiano kati ya wiki moja na inayofuata ukiwa 0.5, mkengeuko sanifu wa mahitaji ya wiki mbili hupanda kutoka makasha 20.5 hadi 25, na hata kiwango cha 150 hakitatoa ulinzi ulioonyeshwa hapo juu. Kujua kama tatizo hili lipo, safuwima ya mahitaji halisi ilinganishwe na safuwima hiyohiyo iliyosogezwa mstari mmoja, kwa fomula ya `CORREL`. Jibu likiwa mbali na sifuri, ni bora kuchota vipande vya wiki nne zilizofuatana kutoka katika kumbukumbu za ghala, badala ya kuchota wiki mojamoja.

Mpaka wa pili ni wa takwimu zinazojaza jedwali la uwezekano. Daftari la ghala huandika kilichotolewa, haliandiki kilichohitajika. Wiki ambayo wagonjwa walihitaji makasha 80 na rafu ilikuwa na 50 itaonekana daftarini kama wiki ya 50. Ghala linaloishiwa mara nyingi hujitengenezea historia ya mahitaji madogo, historia hiyo huzaa kiwango kidogo cha kuagiza, na kiwango hicho huzaa upungufu mwingine. Katika lahajedwali, mzunguko huu unaweza kuonekana waziwazi kwa kulinganisha wastani wa safuwima D na wa safuwima E. Ghalani, D haipo. Kwa sababu hiyo wiki zilizoishia na rafu tupu ziondolewe katika kukadiria uwezekano, au zisahihishwe kwa idadi ya wagonjwa wa homa iliyo katika daftari la wagonjwa wa nje. Kuziondoa tu kuna kasoro yake, kwa kuwa rafu huwa tupu hasa katika wiki nzito; kusahihisha ndiko kunakofaa pale ambapo daftari hilo linapatikana.

8.0 Hitimisho

Kiwango cha kuagiza cha ghala la mfano kilikokotolewa kwa usahihi, kikafuatwa kwa uaminifu, na bado mzunguko mmoja kati ya mitano uliishia kwa rafu tupu, kwa sababu fomula ilidhani akiba inatazamwa muda wote ilhali inatazamwa Ijumaa. Panapotokea upungufu wa aina hii, hatua ya kwanza ya uchunguzi iwe kuangalia akiba ilikuwa kiasi gani siku agizo lilipotolewa. Ikiwa wastani wake uko chini sana ya kiwango kilichowekwa, kiwango kipandishwe au ukaguzi uongezwe, na badiliko hilo lijaribiwe kwanza katika lahajedwali kwa mahitaji yaliyokadiriwa kutoka katika kumbukumbu za ghala lenyewe.